Jina langu au jina la studio: niliyoyapata baada ya kuuza michoro kwa majina mawili

Pesa yangu ilikaa siku 19 njiani kwa sababu ya jina. Ilikuwa 2021, nimemaliza kazi ya hoteli moja ndogo kule Paje, logo, menyu ya mgahawa, vibao vya vyumba na karatasi za barua. Mwenye hoteli yupo kwao Ulaya na mhasibu wake hukohuko. Nikatuma invoisi nzuri kabisa juu imeandikwa Mkarafuu Studio, chini nikaweka namba ya akaunti ya benki, na mhasibu akajaza fomu ya kutuma pesa kama alivyoona kwenye karatasi, mpokeaji Mkarafuu Studio. Sasa akaunti ile si ya Mkarafuu Studio, ni yangu mie, ina majina yangu matatu. Pesa ikafika huku, jina halifanani na namba, ikazuiliwa, wakaulizana, mwisho ikarudishwa ilikotoka na makato juu yake. Ikabidi itumwe upya na mie nikae naandika imeili za kujieleza kwamba Mkarafuu ni mimi na mimi ni Mkarafuu.

Mhasibu aliniuliza kitu kimoja tu, kwa adabu, nacho ndicho kilichonikaa: huyu Mwanakhamis ni nani kwenye studio yenu? Mwanakhamis ndie mimi, na studio nzima ni mimi na laptopu yangu.

Naandika haya kwa anaeanza kufanya dizaini kivyake, au anaesomesha tuisheni nyumbani, na amefika pale pa kujiuliza ajiite kwa jina lake au atunge jina. Mie nimepita njia zote mbili, na ushauri mwingi niliokuwa nausoma umeandikwa na watu ambao majina yao hayafanani na yetu, wana jina la ukoo, wanaolewa wanabadilisha jina, jina lao linaandikwa namna moja tu. Sisi huku Zanzibar mambo yetu mengine.

Mkarafuu Studio nilianza nayo 2018. Nimetoka Wete, nimekuja mjini kwa shangazi, nikawa natengeneza kadi za harusi. Nikaona aibu kuweka jina langu, yaani nilihisi mtu akiona jina la msichana tu atasema huyu mtoto, lakini akiona studio ataona pana watu, pana ofisi. Na mkarafuu kwa sababu ya Pemba, na mti wenyewe una umbo zuri la kuchora. Hapo sikuuliza mtu.

La kwanza lililonikuta ni neno studio lenyewe. Kwa dizaina aliesoma kwenye intaneti studio ni mahali pa kuchorea. Kwa mtu wa Mwanakwerekwe studio ni pahala pa kupiga picha au pa kurikodi nyimbo, basi, hakuna la tatu. Nilikuwa napigiwa simu, dada picha za pasipoti nne ni bei gani, mnafungua saa ngapi, mnatoa hapohapo? Mwanzo nikidhani ni wachache watazoea. Hawakuzoea, na wala kosa si lao, neno ni lao na wanalitumia kwa maana wanayoijua. Mie ndie niliechukua neno la watu nikalipa maana yangu kisha nikategemea mteja afanye kazi ya kutafsiri. Siku moja nilihesabu simu za wiki nzima za watu nisiowajua, zilikuwa 14, tisa zilikuwa za picha.

La pili ni mkarafuu. Huku kila biashara inajiita karafuu, viungo, spaisi, kidoti, matumbawe, jahazi. Ukiandika karafuu kwenye kutafuta unapata hoteli, wauza viungo, ziara za mashambani, na habari za ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na bei yake, wewe upo chini huko ambako hakuna mtu anafika. Kuna mzee mmoja alinipigia kutoka Pemba akaniuliza kwa upole kama nanunua makonyo. Jina zuri lakini limeshajaa watu kabla sijaingia. Hili naliona sana kwa wenzangu wanaoanza, wanataka jina lenye Zanzibar ndani yake ili mgeni ajue, na mgeni akifika anakuta maduka 40 yenye jina la namna hiyo hiyo na hakumbuki lipi lilikuwa lako.

La tatu ndilo lililonichosha zaidi, ni ile "sisi". Ukiwa na jina la studio unaanza kuandika sisi tunafanya, timu yetu, tutakuletea. Sikuwa na nia ya kudanganya, jina ndilo linalokuvuta. Halafu mteja anaamini. Meneja wa kampuni moja ya kutembeza wageni aliniambia, sawa, mpe mtu mwengine kwenye timu yako afanye brosha wakati wewe unamaliza tovuti, nataka vyote viwili kwa wiki mbili. Nikasema sawa. Nikilala masaa matatu tu kwa usiku na brosha ikatoka na bei ya ziara ya Jozani imekosewa, nakala 500 zimeshachapwa. Nililipa mie uchapaji wa mara ya pili. Angejua tangu mwanzo yupo na mtu mmoja asingeomba vile, au angeomba na mie ningepata pa kukataa.

Basi baada ya ile pesa ya Paje nikakaa chini. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza kuipa studio karatasi, yaani kusajili jina la biashara BPRA, halafu kufungua akaunti ya benki yenye jina la biashara. Ya pili kuachana na Mkarafuu na kuwa Mwanakhamis.

Nilikwenda kuulizia. Hapa nataka niseme vizuri kwa sababu nilikuwa nimechanganya na naona wengi wanachanganya. Huku Zanzibar majina ya biashara yanasajiliwa BPRA, Bara ni BRELA, na hivi ni vitabu viwili tofauti, kusajili huku hakumzuii mtu wa Dar kutumia jina hilohilo kwake. Na kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara. Jina la biashara linasema nani yupo nyuma ya jina lile, basi. Halikufanyi kampuni, ukidaiwa unadaiwa wewe, na nguvu ya kumzuia mwenzio asitumie jina lako inatoka kwenye alama ya biashara, nayo pia inasajiliwa huku kivyake na Bara kivyake. Mie nilidhani nikishapata cheti Mkarafuu itakuwa yangu kila pahala. Kumbe ningepata cheti na akaunti ya benki, na yale matatizo matatu niliyoyataja, picha za pasipoti, kupotea kwenye kutafuta, na ile sisi, yote yangebaki palepale.

Na kulikuwa na kitu nilikuwa nakisikia bila kukisikiliza. Wateja wangu wakinielekeza kwa watu hawasemi Mkarafuu. Dada mmoja alinitumia voisi aliyomrikodia rafiki yake, anasema "mtafute Mwanakhamis, yule wa kadi, mpole, anakutolea mpaka uridhike". Nikaanza kuuliza wateja wapya umenipata vipi. Kati ya 20 wa mwanzo niliowauliza, 17 waliambiwa jina langu na mtu, wawili waliona kazi kwa mtu mwengine, mmoja tu ndie alietaja Mkarafuu na huyo aliona kibandiko kwenye boksi la keki. Yaani miaka mitatu napaka rangi jina ambalo hakuna anaelitamka.

Lakini angalia na ile "wa kadi". Watu wakikuita kwa jina lako hawaliachi tupu, wanalibandika kazi ya mwanzo waliyokuona nayo. Mie nilikuwa nataka kutoka kwenye kadi niende kwenye hoteli na makampuni, na ningechukua jina lile kama lilivyo midomoni ningejifungia kwenye kadi maisha. Kwa hivyo nikajua nachukua jina, ile kazi nyuma ya jina nitaisema mie mwenyewe.

Sasa jina lenyewe. Hapa ndipo ushauri wa watu wa nje unapokatika. Wanasema tumia jina la kwanza na la ukoo. Sisi wengi hatuna la ukoo, tuna letu, la baba, la babu. Mimi ni Mwanakhamis, baba ni Faki. Mwanakhamis peke yake ni jina la kila nyumba Pemba, mtoto wa kike akizaliwa Alhamisi ndio hilo, ukiita Mwanakhamis sokoni Wete watageuka watu. Kwa hivyo jina moja halitoshi, lazima la baba liingie.

Halafu linaandikwaje? Kitambulisho changu cha Mzanzibari kinasema Mwanakhamis. Cheti cha skuli kinasema Mwanakhamisi. Laini ya simu nilisajili kwa kitambulisho cha taifa na huko aliejaza alinikatia k na kuniongezea i, nikatoka Mwanahamisi. Mtu akinitumia pesa kwa simu linamtokea jina la kwenye laini kabla hajabonyeza kuthibitisha, na zamani wateja walikuwa wanaona Mwanahamisi wakati wao wanamlipa Mkarafuu, wanasita, wananipigia, dada hii namba ni yako kweli? Na wana haki, watu wanaibiwa kila siku kwa namba za simu. Mwengine hakupiga, aliacha tu, nilikuja kujua baadae kwa ndugu yake.

Nikafanya jaribio moja ambalo nalipendekeza kwa kila mtu, halina gharama. Nilirikodi voisi ya sekunde sita natamka jina langu na la baba kwa sauti ya kawaida, nikawatumia watu kumi, nikawaomba kila mmoja aniandikie alivyosikia bila kuuliza. Wanne waliandika Mwanakhamis, watatu Mwanahamisi, wawili Mwanakhamisi, mmoja Mwanahamis. Faki wote kumi wamepatia. Yaani la baba ndilo nanga, langu ndilo linaloyumba, na linayumba sehemu mbili tu, ile kh na ile i ya mwisho. Nikishajua linapoyumba nishajua pa kuweka nguvu.

Mkarafuu nao niliujaribu vilevile, maana ukijaribu kimoja hujapima kitu. Wazanzibari wote wamepatia, lakini wageni watatu niliowapigia mmoja kaandika Makarafu, mwengine Mkrafu. Kwa hivyo hata jina la kutunga halikuniokoa na tabu ya herufi. Lingekuwa kitu kama Alama au Nukta lingepona, ila hayo nayo yameshachukuliwa kila kona.

Likaja la Faki. Nitalisema kwa heshima kwa sababu ni jina la baba yangu. Meneja mmoja mgeni, mtu mwema, alinishauri faragha nisiliweke jina la baba kwenye kadi, kwa sababu kwa anaezungumza Kiingereza linasikika karibu na tusi. Nilinyamaza. Nilirudi nyumbani nikachora kadi mpya yenye F na nukta, nikaiangalia siku mbili. Siku ya tatu nikampigia baba Wete nikamwambia ukweli, kwamba nataka kujiita kwa majina yetu mawili lakini wageni wanasema hivi. Akakaa kimya kidogo akasema, mwanangu, Faki ni faqihi, mtu aliesoma dini yake, babu yako alinipa jina hili kwa dua. Wageni wakisikia vibaya wafunze kusikia. Hakuongeza neno, akaniuliza hali ya mvua huku mjini.

Nikafikiri na upande wa kazi pia, sikuamua kwa moyo peke yake. F na nukta haitatui kitu, kwa sababu kwenye invoisi na benki Faki itatokea kamili tu, mteja atakutana nayo siku ya kulipa, na jina la kwenye kadi likiwa tofauti na la benki tumerudi kulekule kwenye siku 19. Na Moussa Faki Mahamat ameongoza Kamisheni ya Umoja wa Afrika kuanzia 2017 mpaka 2025, ametajwa kwa jina hilo kwenye kila chombo cha habari cha Kiingereza, watu wamelitamka kama lilivyo. Tangu niliweke sijapoteza kazi hata moja ninayoijua kwa sababu yake. Kinachotokea ni mgeni kuniuliza linatamkwaje, namwambia, akishalitamka mara mbili limekwisha.

Na kuna ushauri mwengine nilikuwa nausoma, kwamba mwanamke asitumie jina lake kwa sababu akiolewa litabadilika atapoteza wateja. Huo si wetu. Huku mwanamke akiolewa anabaki na jina la baba yake, mimi nimeolewa 2022 na jina halikutikisika hata herufi. Kwa hivyo dada zangu wa huku hilo msilibebe, si sababu ya kukimbilia jina la studio.

Basi kazi ya kuhama. Cha mwanzo nilichofanya si logo, ni tahajia. Nilichagua Mwanakhamis kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye kitambulisho cha Mzanzibari na kwenye benki, na benki ndio mlango wa pesa za wageni. Nikaapa kiapo cha jina kwamba Mwanakhamis, Mwanakhamisi na Mwanahamisi ni mtu mmoja, nikaanza kurekebisha kule kwengine taratibu. Laini ya simu ndio iliyochelewa zaidi, mpaka ilipokaa sawa nilikuwa namtumia mteja ujumbe kabla hajalipa, kwamba "litatokea jina Mwanahamisi Faki, ni mimi". Sentensi moja, na zile simu za kuuliza zikakata.

Cha pili jina la kwenye mitandao. Mwanakhamisfaki ni herufi 15, Instagram inakubali mpaka 30, kwa hivyo pana nafasi, lakini sikutia nukta wala kistari kwa sababu hivyo havitamkiki kwenye voisi, mtu atasema "Mwanakhamis nukta Faki"? Hasemi. Nikachukua na ile ya bila k kwenye imeili ili anaekosea afike vilevile, maana kuna mteja aliacha k akanitumia maelezo ya kazi yakamrudia, akadhani nimefunga biashara. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba ukibadilisha jina la akaunti Instagram, wale waliokutaja zamani kwa jina la mwanzo, kile kiungo hakimleti mtu kwako tena. Nilikuwa nimetajwa na hoteli na wapiga picha wa harusi, niliandikia 11 mmoja mmoja kuwaomba wabadilishe, saba wamebadilisha. Ningefanya tena ningeandaa orodha hiyo kabla ya kubadilisha jina, nisingengoja baada yake.

Cha tatu ndio logo, na hapa nilifurahi. Herufi 15 kwenye kadi ya milimita 85 zinakaa vizuri mstari mmoja, lakini kwenye kile kiduara kidogo cha profaili hazisomeki hata kidogo. Dizaina wengi wanachukua herufi za mwanzo, M na F. Mie nikakumbuka lile jaribio, kwamba watu wanaangukia kwenye kh. Basi alama yangu ni kh tu, herufi ndogo mbili, mkono wa k umeegemea mguu wa h zikawa kitu kimoja. Mtu akiniona pale anaiona kh kabla hajaandika jina langu. Miezi sita baadae nikarudia voisi kwa watu wengine kumi ambao walikuwa wananifuata, wanane wakaandika kh sawasawa.

Chini ya jina nikaandika "Michoro na utambulisho wa biashara". Hiyo ndiyo sehemu ninayoweza kuibadilisha kesho kazi ikibadilika, jina likabaki. Na kwenye maandishi yote "sisi" ikawa "mimi", nilipitia kurasa zote usiku mmoja, tovuti, makadirio, mikataba. Mteja akiomba vitu viwili kwa wiki mbili sasa namjibu mimi ni mtu mmoja, hiki kwanza, kile wiki ya nne. Wengine wanaondoka, na ni sawa. Wanaobaki wanajua wamebaki na nani.

Lakini sitaki mtu asome hapa akadhani jina lako ndio jibu kila pahala, kwa sababu kaka yangu limemkuta la upande wa pili. Yeye anasomesha hesabu tuisheni, Chake, watoto wa fomu tuu mpaka fomu foo. Alianza kwa jina lake, wazee wanasema mpeleke kwa mwalimu fulani, na kwa mwalimu wa tuisheni hilo ni sahihi kabisa, mzee hanunui jengo, anamnunua yule atakaekaa na mtoto wake. Watoto wakawa wengi, 60 na kitu, akaleta walimu wawili wa kumsaidia. Kibao bado kina jina lake. Mzee anakuja jioni anachungulia anamkuta kijana asiemjua mbele ya ubao, anamwambia kaka, mwalimu mie nilikulipa wewe. Kijana yule anajua hesabu vizuri tu, wala watoto hawakulalamika. Lakini ahadi ya kibao ilikuwa mtu, na mtu hakuwepo. Kwa mwezi mmoja waliondoka watoto wanane.

Alichofanya hakubadilisha jina lote. Kibao akakiita kwa jina la mtaa, na chini yake akaandika walimu wote watatu na somo la kila mmoja, lake likiwa la kwanza. Darasa la fomu foo akalibakisha la kwake mwenyewe na linalipiwa zaidi. Mzee anaemtaka yeye anajua analipia nini, na anaetaka hesabu tu anajua atasomeshwa na nani. Ningekuwa na watu watatu wananisaidia kuchora ningefanya vilevile, au ningekuwa na mashine ya kuchapa na duka la kuuza siku moja, maana duka lenye jina la kutunga unaweza kumuuzia mtu pamoja na jina, lakini nani atanunua Mwanakhamis Faki bila ya Mwanakhamis?

Simu za picha za pasipoti bado zinakuja, kadi za zamani zipo mikononi mwa watu na kwenye droo zao. Nawaelekeza kwa jirani yangu Michenzani anaepiga picha.

Tangu mwaka jana nina msichana ananisaidia siku tatu kwa wiki, mkono wake mzuri kuliko wangu wa umri ule, na anataka kuanza kuchukua kazi zake mwenyewe. Jina lake nalo lina kh. Juzi kabla hajaenda kufungua akaunti ya benki tulikaa chini tukaweka karatasi zake zote juu ya meza, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha skuli na meseji ya usajili wa laini. Tatu zinakubaliana, cheti cha skuli kimeacha h. Jumatatu anakwenda kuapa, logo tutaianza akirudi.